Odi ya Ijumaa na Kikosi cha Jumamosi

Mimi ni wakala wa kupitisha mizigo katika mpaka wa Malaba, upande wa Uganda, na kazi yangu ina saa nyingi za kungoja: lori limeshapimwa, karatasi ziko mezani kwa afisa, na dereva amelala chini ya tela. Katika saa hizo ndipo nilipoingia katika kubeti mpira, na kwa misimu miwili nilibeti kwa namna moja tu, yaani kuwahi habari za majeruhi kabla vikosi havijatangazwa. Nilidhani kwamba anayejua mapema nani hatacheza ndiye anayepata. Ilinichukua muda mrefu, na fedha ambazo zingelipa karo ya muhula mmoja, kuelewa kwamba swali hilo nilikuwa nimeliuliza upande usio wake. Nitaeleza kwa mechi moja, kwa sababu mechi hiyo ndiyo iliyonifungua macho, na hesabu yake ninayo bado katika daftari.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Februari, mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyoanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Timu ya nyumbani ilikuwa na mshambuliaji mmoja ambaye karibu kila bao lao lilipitia kwake, na katikati ya wiki, katika mechi ya kombe, alitoka uwanjani ameshika paja kwa nyuma. Sitazitaja timu, kwani jambo lenyewe lingeweza kuzipata timu zozote mbili. Usiku wa Jumanne, kabla hajaumia, ushindi wa wageni ulikuwa na odi ya 4.50. Alhamisi ilikuwa bado 4.50 katika kampuni ninayoitumia, ingawa picha za mchezaji akitolewa nje zilikuwa zimeshazunguka. Ijumaa alasiri kocha alizungumza na waandishi wa habari, akasema kwamba mchezaji anaendelea vizuri na kwamba wangemtazama kesho yake asubuhi kabla ya kuamua. Katika dakika chache odi ilishuka hadi 4.20, na ilipofika usiku ilikuwa 4.10.

Mimi sikufanya lolote Ijumaa. Niliona kwamba kocha hakusema lolote la uhakika, nikajiambia kwamba mtu makini hangoji maneno ya kukisia, anangoja habari. Jumamosi mchana habari ikaja: ukurasa mmoja unaofuatilia timu hiyo uliandika kwamba mshambuliaji hakuonekana pamoja na wenzake walipoingia hotelini. Nilifungua simu, nikakuta odi ni 3.90, nikaweka shilingi 40,000 kwa wageni. Moyoni nilikuwa na uhakika wa asilimia 70 kwamba hatacheza. Saa kumi na moja kasorobo orodha ilitoka, na jina lake lilikuwa pale katika wachezaji kumi na mmoja wa kuanza. Odi ya wageni ilirudi 4.50 kabla sijamaliza kusoma majina ya mabeki.

Usiku ule nilidhani kosa langu lilikuwa kuamini ukurasa usioaminika. Kosa lenyewe lilikuwa jingine, nami nililiona wiki kadhaa baadaye nilipokaa na daftari na kalamu. Ili nilieleze, inabidi kwanza niseme odi ni nini hasa. Ukigawanya 100 kwa odi, unapata asilimia ambayo kampuni inaipa timu hiyo ya kushinda, pamoja na faida yake iliyofichwa humo. Odi ya 4.50 ni kama asilimia 22.2. Odi ya 3.90 ni kama 25.6. Usiku wa Ijumaa wenyeji walikuwa 1.85, sare 3.60 na wageni 4.10, ukizigeuza zote tatu kuwa asilimia na kuzijumlisha, unapata kama 106. Mechi haiwezi kuwa na zaidi ya asilimia 100, kwa hiyo zile sita za juu ni chakula cha kampuni, na kila dau linaanza safari likiwa limeshapunguzwa kwa kiasi hicho.

Sasa, bei ya mechi yenye mchezaji wa mashaka ni mchanganyiko wa bei mbili. Kuna bei ya mechi akicheza, na kuna bei ya mechi asipocheza, na ile unayoiona kwenye simu imekaa mahali fulani katikati, ikisogea kadiri watu wanavyoamini upande mmoja au mwingine. Bei ya akicheza niliijua: ni ile 4.50 ya kabla ya kuumia. Bei ya asipocheza ilibidi niikadirie, nami niliikadiria kwa kutazama mechi mbili za mwanzo wa msimu ambazo timu hiyo ilicheza bila yeye, nikalinganisha odi zake na za mechi zinazofanana nazo alizocheza. Nilifikia 3.60, ambayo ni kama asilimia 27.8. Kadirio hilo si neno la mwisho, na mtu mwingine angeweza kusema 3.70 au 3.50, lakini bila kadirio hakuna hesabu.

Tazama basi ilipokuwa odi niliponunua. Kutoka 22.2 hadi 27.8 kuna hatua ya asilimia 5.6. Odi ya 3.90, yaani 25.6, ilikuwa imeshatembea asilimia 3.4 kati ya hizo, ambayo ni kama tatu kwa tano ya njia. Maana yake soko, kabla mimi sijagusa simu, lilikuwa limeshaamini kwa asilimia 60 hivi kwamba mshambuliaji hatacheza. Mimi niliamini kwa asilimia 70. Tofauti yangu na soko ilikuwa asilimia kumi tu, na kwa tofauti hiyo ndogo nilikuwa nimelipa faida ya kampuni nzima. Nilipiga hesabu: asilimia 70 ya 27.8 pamoja na asilimia 30 ya 22.2 ni 26.1, toa faida ya kampuni kwa kugawanya kwa 1.06, inabaki kama 24.6, zidisha kwa odi ya 3.90, na kila shilingi 40,000 inarudi kwa wastani kama 38,400. Yaani hata kama habari yangu ingekuwa njema kama nilivyodhani, tiketi ile ilikuwa ya hasara tangu ilipotoka.

Halafu nikaifanya hesabu hiyo hiyo kwa alasiri ya Ijumaa, kabla kocha hajazungumza, odi ikiwa bado 4.50. Wakati huo sikuwa na uhakika wowote mkubwa. Tuseme ningempa asilimia 40 ya kukosa mechi, kwa sababu tu mtu aliyetoka ameshika nyuma ya paja mara nyingi hachezi baada ya siku tatu au nne. Asilimia 40 ya 27.8 pamoja na 60 ya 22.2 ni 24.4, gawanya kwa 1.06, inabaki 23. Zidisha kwa 4.50, na zile 40,000 zinarudi kwa wastani kama 41,500. Habari dhaifu kwa bei ya zamani ilikuwa na faida, na habari nzito zaidi kwa bei mpya ilikuwa na hasara. Nilirudia hesabu hiyo mara nne, kwa sababu ilipingana na kila kitu nilichokuwa nikikiita umakini.

Tangu siku ile swali langu lilibadilika. Sikuuliza tena kama mchezaji atacheza au hatacheza. Niliuliza bei iliyopo mbele yangu inaamini nini, na kama mimi nina sababu ya kuamini tofauti nayo kwa kiasi kinachozidi chakula cha kampuni. Swali hilo ni gumu zaidi, na mara nyingi jibu lake ni kukaa na fedha zako.

Kuhusu kasi, nimejifunza kwamba mabadiliko ya bei yana mawimbi matatu ambayo hayafanani. La kwanza ni la mazungumzo ya kocha, ambayo kwa mechi ya Jumamosi huwa Alhamisi au Ijumaa. Hapo bei hutembea kwa dakika kadhaa, kwa sababu maneno ya kocha yanahitaji kufasiriwa, na wafasiri hawakubaliani. Kocha akisema mchezaji amefanya mazoezi na wenzake, hiyo ni taarifa. Akisema anaendelea vizuri, hajasema kitu, kwani mtu anaweza kuendelea vizuri na kurudi baada ya wiki tatu. Akisema ni mapema kusema, mimi huchukulia kwamba uwezekano wa kukosa ni zaidi ya nusu, ingawa wapo makocha wanaosema hivyo kila wiki kwa kila mchezaji ili wapinzani wasijiandae, na kwa hao nimeweka alama katika daftari ili nisiwasome kama wengine. Wimbi la pili ni la tetesi za siku ya mechi, nani ameonekana kwenye basi na nani hakuonekana. Hilo huja polepole, kidogo kidogo, na mara nyingi unapoisoma tetesi bei imeshaisoma. Wimbi la tatu ni orodha yenyewe. Kwa miaka mingi Ligi Kuu ya Uingereza iliitoa saa moja kabla ya mpira kuanza, na tangu msimu wa 2024/25 huitoa dakika 75 kabla. Hapo hakuna kufasiri. Masoko makubwa ya kimataifa hubadilika kwa sekunde, kampuni hufunga mechi kwa muda mfupi, na zinapoifungua bei mpya imeshakaa. Mtu wa Malaba mwenye simu yenye mtandao wa kuyumba hana nafasi katika wimbi hilo, na anayemwambia kwamba anayo anamdanganya.

Kuna vijana wengi hapa wanaocheza Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kujipangia kikosi chako cha wachezaji wa ligi hiyo, na wao hutumia zile bendera za njano zinazoonyesha asilimia 75, 50 au 25 za mchezaji kucheza. Nami nilizitumia mwanzoni kama kwamba ni vipimo. Siku hizi nazitazama kwa jambo moja tu: zimebadilika lini. Namba zenyewe ni ngazi tatu za kumweka mchezaji, hazikupimwa kwa mizani, na 75 ya mchezaji mmoja si 75 ya mwenzake. Lakini bendera ikiwekwa Alhamisi jioni, najua kwamba mamilioni ya watu wameiona, na habari iliyoonwa na mamilioni haiwezi kuwa siri yangu.

Nilisema kwamba alasiri ya Ijumaa odi ilikuwa bado 4.50 katika kampuni yangu. Hilo nalo lilinifundisha kitu. Kampuni nyingi za hapa hazipangi bei za mechi za Ulaya zenyewe. Huzipokea kutoka kwa wauzaji wa bei na kuzifuata, na nyingine hufuata kwa kuchelewa, hasa kwa mechi ambazo hazina watu wengi. Kuchelewa huko ndiko nilikokuwa nikikutafuta bila kukijua jina lake. Lakini kati ya kuiona bei ya zamani na kuipata tiketi yenye bei hiyo kuna mlango mwembamba. Dukani, karatasi ya odi inayobandikwa ukutani asubuhi ni ya kusomea tu. Bei ya kweli ni ile iliyo kwenye mashine wakati dada wa kaunta anapobonyeza. Nimewahi kusimama dirishani na karatasi yenye 4.50 mkononi, dada akaniambia kwa upole, "Kaka, imekuwa 4.15, nikate au niache?" Nyuma yangu kulikuwa na watu sita, nami kwa aibu ya kuwachelewesha nilisema akate. Tiketi ile niliibandika kwenye jalada la daftari, kwa sababu ilinigharimu si kwa habari mbaya bali kwa foleni.

Kwenye simu mlango huo huo una sura nyingine. Kuna kisanduku cha kukubali mabadiliko yote ya odi, na wengi tumekiwekea alama siku ya kwanza tukakisahau. Mtu anayebeti kwa kuwahi habari akiacha alama hiyo, amesaini kununua kwa bei yoyote itakayokuwapo, na bei hiyo itakuwa mpya kila mara habari inapokuwa ya kweli. Niliiondoa. Tangu hapo tiketi zangu nyingi hukataliwa na kuniuliza upya, nami huona vema ziulizwe. Jambo la fedha nalo: siku moja ya mechi nilituma shilingi 50,000 kwa fedha za simu zikiwa zimebaki dakika themanini mpira uanze, zilitoka upande wangu mara moja, na zilifika katika akaunti ya kubeti baada ya karibu nusu saa. Kwa mbinu yangu nusu saa hiyo ilikuwa sawa na wiki. Fedha inayongojea habari inabidi iwe imekaa ndani kabla ya habari, na hilo lina hatari yake, kwani fedha iliyokaa ndani huwasha mkono. Mimi huweka kiasi cha wiki moja Jumatatu, na kikiisha hakuna kingine.

Nikumbuke pia kuandika juu ya dau la mfungaji, kwa kuwa hapo watu wengi hapa mpakani huumia bila kuelewa. Ukiweka dau kwamba mchezaji fulani atafunga wakati wowote, na kumbe hakucheza kabisa, kampuni nyingi hurudisha dau, au kama yumo kwenye mkeka mechi hiyo huhesabiwa kwa odi ya 1.00. Kwa sababu hiyo watu husema hakuna hatari kuwahi kabla ya kikosi. Hatari ipo benchi. Mchezaji wa mashaka mara nyingi hachezi tangu mwanzo wala hakosi kabisa. Huwekwa benchi na kuingizwa dakika ya 75 au ya 80. Akigusa nyasi tu, dau limesimama, nawe umenunua dakika kumi na tano kwa bei ya dakika tisini. Ukikadiria uwezekano wa mchezaji aliyeumia, ugawe mara tatu, yaani kuanza, benchi na kukosa, na usome kanuni za kampuni yako juu ya mchezaji wa akiba kabla hujaweka shilingi, kwani kampuni hazifanani katika hilo.

Na kikosi chenyewe, hata kikishatangazwa, hakijafungwa kwa msumari. Mchezaji akiumia wakati wa kupasha misuli anaweza kubadilishwa. Wazee wanaokumbuka fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 12 Julai 1998 kati ya Ufaransa na Brazili wanajua kwamba orodha ya kwanza ya Brazili ilikuwa na Edmundo bila Ronaldo, kisha ikaletwa nyingine yenye Ronaldo. Ronaldo alicheza baada ya kuugua ghafla mchana wa siku ile, na Brazili ilifungwa mabao 3 kwa 0. Huwa naikumbuka mechi hiyo kwa sababu nyingine tena: jina kuwapo katika orodha halisemi mwenye jina yuko katika hali gani. Mshambuliaji wangu wa Februari alikuwamo kwenye orodha, soko likamrudishia bei ya mtu mzima, naye alitolewa mwanzoni mwa kipindi cha pili akichechemea. Wageni walipata sare. Dau langu lilipotea, lakini tangu siku hiyo kila mchezaji anayerudi kutoka kwenye jeraha la nyuma ya paja bila kukosa hata mechi moja, mimi namhesabu kama nusu.

Kulikuwa pia na kipindi cha kununua vikosi vilivyovuja. Dereva mmoja wa lori kutoka Mombasa aliniingiza katika kundi la simu ambalo lilitoza shilingi 10,000 kwa wiki na kuahidi majina ya wachezaji wa kuanza saa nne kabla ya mechi. Nilikaa humo wiki tisa. Badala ya kuandika tu kama majina yalikuwa sahihi, niliandika saa ujumbe ulipofika na odi ilivyokuwa dakika hiyo hiyo. Majina yalikuwa sahihi mara nyingi, tena kuliko nilivyotarajia. Lakini katika karibu kila mechi ambayo ujumbe ulikuwa na jambo la maana, odi ilikuwa imeshahama kabla ujumbe haujafika. Aliyekuwa na habari hiyo kwanza alikuwa ameshanunua, kisha akatuuzia sisi kilichobaki. Nililieleza kundi hilo kwa dereva yule kwa heshima, kwa kuwa ni mtu mzima na alinitakia mema, naye akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa natazama kama wanapatia tu." Nami nilikuwa nimetazama hivyo hivyo kwa mwaka mzima.

Jambo lingine kuhusu mavujisho, nalo ni zito: kwa watu wa ndani ya mpira ni kosa. Chama cha Soka cha Uingereza hukataza wachezaji na wafanyakazi wa klabu kutoa habari zisizojulikana kwa umma zitakazotumiwa kubeti, na mwaka 2020 Kieran Trippier alifungiwa wiki kumi kwa habari za uhamisho wake. Nikifikiri kwamba nyuma ya jina linalonifikia simuni huenda kuna mtu anayehatarisha kazi yake, sitaki tena kuwa mwisho wa mnyororo huo.

Kipimo kilichonisaidia kujua kama naendelea au najidanganya ni kimoja, bei ya kufunga. Ni odi ya mwisho kabla mpira haujaanza, ambayo imeshakula mazungumzo ya kocha, tetesi na kikosi. Katika daftari nilikuwa na safu nne: odi niliyonunua, saa niliyonunua, sababu kwa maneno yasiyozidi matano, na odi ya kufunga. Matokeo ya mechi niliyaandika nyuma ya ukurasa, kwa makusudi, ili yasinipotoshe. Ukinunua kwa 4.50 na mechi ikafunga kwa 3.90, ulinunua vizuri hata kama ulipoteza. Ukinunua kwa 3.90 na ikafunga 4.50, ulinunua vibaya hata kama bahati ilikupa ushindi. Katika msimu wa pili nilikuwa na tiketi 58 za namna hiyo. Zile nilizonunua kabla ya mazungumzo ya kocha zilikuwa 21, na 15 kati yake zilifunga kwa odi ndogo kuliko yangu. Zile nilizonunua siku ya mechi kwa tetesi zilikuwa 37, na 11 tu ndizo zilizofunga hivyo. Tiketi 58 ni chache mno kuamua mtu ni mjuzi, najua, lakini zilitosha kunionyesha ni mlango upi nilikuwa nikiingia kwa kichwa.

Kwa hesabu ya fedha, zile 21 zilinipa faida ndogo, na zile 37 ziliimeza na kuongeza hasara. Mikeka ya mechi nane au kumi nilikuwa nimeiacha kabla ya hapo, kwani haiendani kabisa na kazi hii: tiketi moja inafunga bei za mechi zote kwa wakati mmoja, wakati vikosi vya mechi ya saa tisa na nusu na vya mechi ya saa mbili na nusu usiku vimepishana kwa saa tano, na faida ya kampuni huzidishwa kila mechi inapoongezwa. Utingo mmoja mwenye miaka 22 aliwahi kuniomba nimkatie tiketi za Ijumaa kwa jina langu akisikia nazungumzia daftari. Nilikataa, kwa sababu sheria ya Uganda ya mwaka 2016 imeweka umri wa kubeti kuwa miaka 25, kisha nilimfungulia ule ukurasa wa tiketi 37 na kumwomba azisome moja moja mbele yangu. Alizisoma zote, akiuliza kila alipokutana na neno "hotelini" au "basi" katika safu ya sababu.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilipata nafasi ya wazi kabisa ya Ijumaa: kipa wa kwanza ana mashaka, kipa wa pili kijana asiyewahi kuanza mechi ya ligi, na bei ya Jumatano ikiwa haijaguswa. Niliandika makadirio yangu, bei mbili, na asilimia ninayoiamini, kisha nikaandika 40,000 katika kisanduku cha dau na kubonyeza. Ujumbe ulikuja kwamba kiwango cha juu kwangu katika mechi hiyo ni shilingi 4,000. Nilijaribu mechi nyingine, ikawa hivyo hivyo. Nilimpigia dada wa huduma kwa wateja, akanijibu kwa adabu kwamba kampuni ina haki ya kupanga viwango vya kila mteja na kwamba hawezi kunieleza sababu. Sababu niliijua, maana ilikuwa katika safu ya nne ya daftari langu, na kampuni nayo ina daftari lake. Niliweka zile 4,000 kwa odi ya 5.20, nikaandika saa, na jioni ya kesho yake nikaandika bei ya kufunga: 4.60.